Kapasita kwa mfululizo au sambamba, kihami betri ikiwapo au ikiwa imeondolewa: ulinganisho wa kukusaidia kuchagua

Hapa Kisumu watu wa aina mbili huniletea swali la kapasita, na kila upande hudhani kwamba swali lake halihusiani na la mwenzake. Upande wa kwanza ni mafundi wa redio na amplifaya, ambao wana kapasita mbili za volti 25 mezani na wanataka kujua kama waziunganishe kwa mfululizo au sambamba. Upande wa pili ni walimu wa fizikia wanaoandaa jaribio la kidato cha tatu, ambao wana mabamba mawili ya chuma na kipande cha kioo cha kuwa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, na hawajaamua kama wakiingize kioo hicho betri ikiwa bado imeunganishwa au baada ya kuiondoa. Mimi huwajibu wote kwa kuanzia mahali pamoja. Katika kila mpangilio kuna kitu kimoja kilichoshikiliwa kisibadilike, nacho ni ama volti ama chaji, na mtu akishakitambua kitu hicho, mengine yote hufuata kwa hesabu fupi.

Ndiyo maana nimeweka chaguo zote nne katika ulinganisho mmoja. Mpangilio wa sambamba na kihami kinachoingizwa betri ikiwapo ni ndugu, kwa sababu katika yote mawili volti ndiyo iliyoshikiliwa. Mfululizo na kihami kinachoingizwa betri ikiwa imeondolewa nao ni ndugu, kwa sababu katika yote mawili chaji ndiyo isiyo na pa kwenda.

Vigezo vya kulinganisha

Kila chaguo nitalipima kwa mambo manne. La kwanza ni hilo nililolitaja, yaani kipi kimeshikiliwa kati ya volti na chaji. La pili ni kapasitansi inayopatikana, na pamoja nayo volti ambazo kila sehemu italazimika kubeba. La tatu ni nishati, si kiasi kinachohifadhiwa tu bali pia imetoka wapi au imekwenda wapi, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukosea. La nne ni namna mpangilio huo unavyoharibika na dalili zinazoonyesha kwamba umeharibika.

Kanuni zenyewe ni chache. Chaji ni Q = CV, ambapo C ni kapasitansi na V ni volti, na nishati, yaani U, huandikwa kwa njia mbili zenye thamani moja:

```
U = ½CV²
U = Q²/(2C)
```

Volti zikiwa zimeshikiliwa, tumia ya kwanza, nawe utaona kwamba kapasitansi ikiongezeka nishati huongezeka. Chaji ikiwa imeshikiliwa, tumia ya pili, na hapo kapasitansi ikiongezeka nishati hupungua. Mwanafunzi anayetumia ya kwanza wakati volti zinabadilika hupata jibu lililopinduka, na mara nyingi hatambui, kwa sababu hesabu yake yenyewe haina kosa.

Sambamba

Chukua matangi mawili ya maji yaliyosimama sakafu moja na kuunganishwa chini kwa bomba. Kimo cha maji kitakuwa kimoja katika matangi yote mawili, hata kama moja ni pana na lingine ni jembamba, ingawa lile pana litakuwa na maji mengi zaidi. Kapasita zilizounganishwa sambamba ziko hivyo: kimo cha maji ni volti, upana wa tangi ni kapasitansi, na maji yenyewe ni chaji.

Kapasitansi hujumlishwa moja kwa moja. Kapasita ya mikrofaradi 2,200 na nyingine ya mikrofaradi 1,000, zikiunganishwa sambamba kwenye volti 24, huwa kama kapasita moja ya mikrofaradi 3,200. Ya kwanza hubeba milikulombu 52.8, ya pili 24, na nishati yote ni takriban jouli 0.92. Uwezo wa volti hauongezeki hata kidogo. Ikiwa kapasita moja imeandikwa volti 25 na nyingine volti 16, mpangilio mzima ni wa volti 16, hata kama zingeunganishwa kumi.

Udhaifu wake mkubwa hujitokeza pale kapasita moja inapounganishwa na nyingine zikiwa na volti tofauti. Tuseme kapasita ya mikrofaradi 2,200 imechajiwa hadi volti 24, kisha ikaondolewa kwenye chanzo chake na kugusishwa na nyingine ya ukubwa uleule isiyo na kitu. Chaji itagawanyika nusu kwa nusu, zote mbili zitatulia kwenye volti 12, na nishati itashuka kutoka jouli 0.63 hadi 0.32. Nusu imepotea, na imepotea katika cheche na joto la nyaya. Kuweka waya mwembamba au mnene hakubadilishi kiasi kinachopotea. Kunabadilisha muda tu. Fundi hulitambua jambo hili kwa alama nyeusi kwenye miguu ya kapasita, au kwa sauti ya kupasuka kwa cheche anapoongeza kapasita kwenye amplifaya ambayo bado ina chaji.

Dosari ya pili ni kwamba kapasita moja ikishikana ndani, yaani ncha zake mbili zikigusana, huangusha mpangilio wote. Kwa upande mwingine, moja ikikatika ndani, iliyobaki huendelea kufanya kazi, na dalili pekee huwa ni mvumo ulioongezeka kwenye spika.

Mfululizo

Hapa sina budi kukaa zaidi, kwa kuwa huu ndio mpangilio unaoonekana rahisi kwenye daftari na ambao hutesa watu mezani.

Tazama waya unaounganisha mguu hasi wa kapasita ya kwanza na mguu chanya wa ya pili. Waya huo pamoja na mabamba mawili unaoyagusa ni kama kisiwa kisicho na boti: chaji haiwezi kuingia wala kutoka, kwa kuwa pande zote mbili kuna kihami. Kwa hiyo chaji yoyote inayosukumwa upande mmoja wa kisiwa lazima iache upungufu ulio sawa nayo upande wa pili, na hiyo ndiyo sababu kapasita zote katika mfululizo huwa na chaji ileile, hata kama ukubwa wake hautofautiani kidogo bali mara kumi.

Turudi kwa zile mbili za mikrofaradi 2,200 na 1,000, sasa kwa mfululizo kwenye volti 24. Kapasitansi ya pamoja ni 2,200 × 1,000 ÷ 3,200, yaani mikrofaradi 687.5, ambayo ni ndogo kuliko hata ile ndogo ya hizo mbili. Chaji ni milikulombu 16.5 kwa kila moja. Sasa gawanya: kapasita ya mikrofaradi 2,200 inapata volti 7.5, na ile ya mikrofaradi 1,000 inapata volti 16.5. Ndogo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa volti, na kwa kuwa chaji yao ni moja, ndiyo pia yenye nishati nyingi zaidi. Fundi aliyeweka ndogo ya volti 16 akidhani kwamba volti 24 zitagawanywa kumi na mbili kwa kumi na mbili ameipita kikomo tayari. Itapata joto, kichwa chake kitavimba, na siku moja itafunguka na kumwaga maji yake kwenye bodi.

Nishati ya mpangilio huu ni takriban jouli 0.2, ikilinganishwa na 0.92 za sambamba kwa betri ileile. Wengi huishia hapo na kusema kwamba mfululizo hupoteza nishati. Haupotezi. Ni kwamba kapasita zile hazikujazwa hadi kikomo chake. Chukua mbili zilizo sawa kabisa, za mikrofaradi 2,200 na volti 25. Sambamba zinakuwa mikrofaradi 4,400 kwa volti 25, na kwa mfululizo zinakuwa mikrofaradi 1,100 kwa volti 50. Zikijazwa hadi kikomo chake, kila mpangilio huhifadhi jouli 1.375, bila tofauti yoyote. Kiasi cha nishati ambacho kapasita inaweza kubeba kiko ndani ya kihami chake, na kuhamisha waya hakukiongezi wala kukipunguza. Unachochagua ni kama unataka nishati hiyo kwa volti ndogo au kwa volti kubwa.

Sasa kisa chenyewe. Kijana mmoja aliniletea amplifaya ambayo transfoma yake hutoa volti 28, na baada ya diodi volti hupanda hadi karibu 38. Kapasita ya awali ilikuwa ya mikrofaradi 2,200 na volti 50, nayo ilikuwa imevimba. Alikuwa na mbili mpya za mikrofaradi 2,200 na volti 25, akaniuliza, "Fundi, nikizifunga mfululizo si nitapata volti 50?" Nilimjibu kwamba atazipata, lakini kuna mambo matatu ya kuhesabu kwanza.

Jambo la kwanza ni utofauti wa ukubwa. Kapasita za elektroliti huuzwa kwa kuruhusiwa kutofautiana hadi asilimia 20 juu au chini ya kilichoandikwa. Katika hali mbaya kabisa moja ni 1,760 na nyingine 2,640, na ile ndogo itabeba volti 22.8 kati ya 38. Bado iko chini ya 25, ingawa kwa nafasi finyu.

Jambo la pili ni kuvuja, na hili halimo katika hesabu za vitabu. Kihami cha kapasita ya elektroliti huvujisha umeme kidogo, na kisiwa chetu si kisiwa kamili. Umeme ukiwashwa, volti hugawanyika kwa mujibu wa kapasitansi. Lakini baada ya dakika kadhaa mgawanyo hufuata uvujaji, na ile inayovuja kidogo ndiyo inayopanda volti polepole hadi kupita kikomo. Ndiyo maana huwekwa rezista ya kusawazisha juu ya kila kapasita. Kwa kisa hiki nilichagua kiloohmu 10 kila moja. Kwa volti 19 hupitisha miliampia 1.9, ambao ni zaidi ya mara tatu ya uvujaji mkubwa wa kawaida wa kapasita ya kiasi hiki, unaokadiriwa kwa asilimia moja ya mikrofaradi mara volti zilizoandikwa juu yake, yaani takriban mikroampia 550. Hata kama moja ingevuja kiasi hicho na nyingine isivuje kabisa, ile isiyovuja ingefika kama volti 21.8, si zaidi.

Jambo la tatu ni lile ambalo rezista haziwezi kulitibu: kapasitansi imeshuka kutoka 2,200 hadi 1,100. Kwa umeme wetu wa hezi 50, diodi nne hujaza kapasita mara 100 kwa sekunde, na amplifaya ikivuta ampia moja, volti zinaweza kuyumba kwa hadi volti 9 badala ya 4.5. Spika itavuma. Dawa ni kapasita nne: mistari miwili ya mfululizo, iliyounganishwa sambamba, ambayo hurudisha mikrofaradi 2,200 kwa volti 50. Kijana alipiga hesabu ya bei ya nne na ya ile moja ya volti 50, akaamua kusubiri ile moja. Nami nilikubaliana naye.

Mahali ambapo mfululizo unatumika kwa akili kabisa panaonekana ndani ya kompyuta nyingi za zamani za mezani. Umeme wa volti 240 ukishapitia diodi hufika karibu volti 339, na waundaji waliweka kapasita mbili za volti 200 kwa mfululizo, kila moja ikibeba takriban 170, pamoja na rezista za kusawazisha. Zikiwa za mikrofaradi 470 kila moja, jozi hiyo huhifadhi zaidi ya jouli 13, kiasi kinachoweza kumdhuru mtu hata baada ya waya wa ukutani kuchomolewa. Ziondoe chaji kwa rezista ya waya ya ohmu 2,200 na wati 10, uishike kwa koleo yenye mpini wa plastiki kwa sekunde tano au sita, kisha upime kwa mita. Pima tena baada ya muda, kwa maana kihami hubakiza chaji kidogo ndani yake na volti huweza kurudi zenyewe.

Kihami kikiingizwa betri ikiwapo

Sasa upande wa walimu. Kifaa ninachokisia ni mabamba mawili ya bati ya sentimita 20 kwa 20, yaliyotenganishwa kwa milimita 3. Milimita 3 ni unene wa kioo cha dirisha kinachouzwa madukani, na ndiyo sababu ya kuuchagua. Kapasitansi ya mabamba hayo yenye hewa kati yake ni pikofaradi 118, nami nitaichukua kuwa 120 ili hesabu iwe nyepesi. Kioo huzidisha kapasitansi kwa kiasi kinachotegemea aina yake. Nitachukua mara 6, ambayo iko katika kiwango cha kawaida. Chanzo cha umeme ni cha maabara, cha volti 300.

Kabla ya kioo, chaji ni nanokulombu 36 na nishati ni mikrojouli 5.4. Betri ikiwa bado imeunganishwa, volti haziwezi kuondoka kwenye 300. Kioo kinapoingia, kapasitansi inapanda hadi pikofaradi 720, chaji inapanda hadi nanokulombu 216, na nishati inafika mikrojouli 32.4. Uga wa umeme kati ya mabamba hautikisiki. Unabaki volti 100 kwa kila milimita, kwa sababu volti ni zilezile na umbali ni uleule.

Kinachoendelea ndani ya kioo ni kwamba molekuli zake hujinyoosha kidogo, upande wake chanya ukielekea bamba hasi na upande hasi ukielekea bamba chanya. Chaji hii ya juu ya uso wa kioo hupunguza nguvu ya chaji iliyo kwenye mabamba, na betri, ambayo kazi yake ni kulinda volti 300, hulazimika kusukuma chaji zaidi ili kufidia upungufu huo. Michael Faraday ndiye aliyeonyesha kwa majaribio, katika mwaka wa 1837, kwamba kinachowekwa kati ya vipitishi viwili kina sehemu yake katika jambo hili.

Swali la nani analipa lina jibu zuri. Betri imeongeza nanokulombu 180 kwa volti 300, kwa hiyo imetoa mikrojouli 54. Nishati iliyohifadhiwa imeongezeka kwa 27 tu. Zile 27 nyingine zimetumika kuvuta kioo ndani, kwa kuwa mabamba hukivuta kioo. Mkono wako ukikizuia kisiingie kwa kasi, umepokea nishati hiyo, na ukikiachia, inaishia katika msuguano na joto.

Jaribio hili ni tulivu. Likiharibika, dalili ni kwamba hakuna kinachoonekana: voltimita husoma 300 kabla na baada, na mwanafunzi huandika kwamba kihami hakina kazi. Mabadiliko yako kwenye chaji, na kuyaona kunahitaji mita inayopima nanokulombu au ampia ndogo sana.

Kihami kikiingizwa betri ikiwa imeondolewa

Vifaa ni vilevile, lakini sasa waya wa betri umetolewa kabla ya kioo kuingia. Nanokulombu 36 zimenaswa. Kapasitansi inapanda hadi 720 kama awali, lakini sasa volti zinashuka kutoka 300 hadi 50, uga unashuka hadi volti 17 hivi kwa milimita, na nishati inashuka kutoka mikrojouli 5.4 hadi 0.9.

Mikrojouli 4.5 zimekwenda wapi, ilhali hakuna betri? Zimevuta kioo. Watu hushangaa kwamba katika hali moja nishati inaongezeka na katika nyingine inapungua, na bado kioo kinavutwa ndani katika hali zote mbili. Hakuna mgongano. Katika hali ya kwanza betri ililipia ongezeko na uvutaji. Katika hali hii hakuna wa kulipa ila kapasita yenyewe. Kinyume chake pia ni kweli: ukikitoa kioo betri ikiwa imeondolewa, volti zinarudi 300, na ni mkono wako uliolipa mikrojouli 4.5 hizo kwa kushindana na mvuto.

Hapa mambo yanayoharibika ni mengi zaidi, na kubwa kuliko yote ni mita. Voltimita ya kawaida ya dijitali ina ukinzani wa megaohmu 10. Ukizidisha na pikofaradi 120 unapata milisekunde 1.2, maana yake ni kwamba mita hunywa chaji yote kabla namba haijatokea kwenye skrini yake. Mwalimu mmoja wa Nakuru alinieleza kwamba alipata sifuri kila mara, kabla ya kioo na baada yake, akadhani mabamba yake yana kasoro. Mabamba yalikuwa mazima. Kinachofaa ni elektroskopu ya jani la dhahabu, ambayo haiendelei kuvuta chaji: jani hupanuka bamba likiwa na volti nyingi na kushuka kioo kinapoingia. Elektroskopu huhitaji volti mamia kadhaa ili jani lionekane kusogea, kwa hiyo betri ya volti 12 haitatosha, na mara nyingi mwalimu huchaji bamba kwa kipande cha plastiki kilichosuguliwa.

Adui wa pili ni unyevu. Karibu na ziwa, hasa katika mvua za Machi hadi Mei, uso wa kioo hushika utando mwembamba wa maji na chaji huvuja kando. Jani likishuka polepole hata kabla ya kioo kuguswa, tatizo ni hilo. Likishuka kwa ghafla kioo kinapoingia na likapanda tena kinapotolewa, hilo ndilo jaribio lenyewe. Likishuka na lisipande, kioo kimeondoka na chaji. Kukausha kioo kwa joto la taa dakika chache husaidia, na kukishika kwa kingo tu.

Pengo la hewa, ambapo maswali mawili hukutana

Mabamba yakiwa milimita 3.5 na kioo kikiwa milimita 3, nusu milimita ya hewa inabaki. Hapo hatuna tena kihami kimoja, bali kapasita mbili kwa mfululizo, moja ya hewa na moja ya kioo. Kwa hesabu ya kapasitansi, kioo cha milimita 3 chenye kuzidisha mara 6 ni sawa na hewa ya nusu milimita. Jumla ni kana kwamba mabamba yako milimita moja, badala ya 3.5 za awali, na kapasitansi imepanda mara 3.5, si mara 6. Mwanafunzi anayepata 3.5 hajakosea kupima. Amepima mfululizo bila kujua. Kioo kikiingizwa nusu ya upana tu, bila pengo, basi ni sambamba: nusu moja ya hewa na nusu moja ya kioo, na kapasitansi hupanda mara 3.5 vilevile, kwa njia tofauti kabisa.

Pengo hilo lina athari nyingine betri ikiwapo. Volti 300 zinagawanyika nusu kwa nusu, 150 kwenye nusu milimita ya hewa, na uga katika hewa hiyo umepanda kutoka volti 86 hadi 300 kwa milimita. Kwa volti zetu hakuna hatari, kwa maana hewa huvunjika karibu na volti 3,000 kwa milimita. Kwa kifaa cha volti elfu kadhaa, kiputo cha hewa ndani ya kihami ndicho kinachoanza kutoa cheche, ingawa kihami chenyewe kingestahimili.

Nani achague nini

Fundi anayepambana na mvumo, ambaye volti za kifaa chake ziko chini ya kikomo cha kapasita alizonazo, afunge sambamba, na ahakikishe zote hazina chaji kabla ya kuziunganisha. Fundi ambaye volti za kifaa zimezidi kikomo cha kapasita afunge mfululizo, atumie zenye ukubwa na umri mmoja, aweke rezista za kusawazisha, na akubali kwamba kapasitansi imepungua. Akiwa na ukubwa tofauti, ahesabu volti za ile ndogo kwanza, na asiendelee zikizidi maandishi yake. Akihitaji volti zaidi bila kupoteza mikrofaradi, nne ndiyo idadi ya chini, na hapo bei ya kapasita moja iliyo sahihi huwa mara nyingi nafuu.

Mwalimu anayetaka darasa lione badiliko kwa macho, na aliye na elektroskopu na siku kavu, aondoe betri kwanza. Mwenye mita ya kupimia kapasitansi, ile yenye kipimo cha nanofaradi, hahitaji kuchagua kati ya hali hizo mbili: apime mabamba bila chanzo chochote, kwa hewa kisha kwa kioo, huku akitoa pikofaradi za nyaya zake mwenyewe kwa kupima nyaya tupu kwanza. Mwenye kipimo cha ampia ndogo na chanzo cha volti 300 abakize betri, na awaonyeshe wanafunzi sindano ikiruka upande mmoja kioo kinapoingia na upande wa pili kinapotoka, chaji ikirudi kwenye chanzo.

Mwanafunzi aliye katika chumba cha mtihani hana kifaa chochote, na kwake chaguo liko katika maneno ya swali. Likisema betri "imeondolewa" kabla ya kihami, aandike Q pembeni na kuizungushia duara. Likinyamaza kuhusu betri baada ya kuiunganisha, aandike V.